Naomba mnikosolee barua yangu kwa benki: uthibitisho wa akaunti na stetimenti zenye mhuri, kwa ajili ya viza

Binti_Safari (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naenda kumtembelea dada yangu anayeishi katika nchi mojawapo ya Shengeni, wiki tatu tu halafu narudi kazini. Miadi ya kupeleka maombi ya viza ni tarehe 15 Juni, safari ni mwishoni mwa Julai. Kwenye orodha ya viambatanisho ya ubalozi kuna mstari unaosema hivi kwa maneno yangu: stetimenti za benki za miezi 3 ya mwisho zenye mhuri, pamoja na barua ya benki inayothibitisha akaunti.

Nilipiga simu tawini, dada wa huduma kwa wateja akaniambia niandike barua ya maombi niilete na kopi ya pasipoti. Nimeandika hii:

*"Kwa Meneja wa Tawi. Yah: Ombi la barua ya benki. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa muda mrefu. Naomba mnipatie barua ya benki na stetimenti kwa ajili ya kuombea viza. Natanguliza shukrani. Wako mtiifu."*

Inatosha au kuna cha kuongeza? Na je, niipeleke mapema kiasi gani?

Fundi_Bomba

Dada, benki haiwezi kukudhamini wewe uende nje. Hiyo kazi ni ya mwenyeji wako, yaani huyo dada yako aandike barua ya mwaliko na aonyeshe kipato chake. Ukienda kumwambia meneja akudhamini atakucheka.

Binti_Safari

Kaka sijaomba udhamini. Barua ya mwaliko ninayo tayari. Hii ni ya kuthibitisha kwamba akaunti ni yangu na ina kiasi gani.

Fundi_Bomba

Aah sawa, nilisoma harakaharaka. Basi hiyo hata barua haina haja, nenda na kitambulisho wakuprintie.

Bandikabandua

Barua iko poa, usijichoshe. Cha msingi ni mambo mawili. Kwanza, kila ukurasa wa stetimenti uwe na mhuri wa wino, ukikosekana hata mmoja tu wanakunyima viza hapohapo. Pili, hakikisha salio limenona. Kama una hela kwa ndugu, wakuwekee wiki moja kabla ya kuprinti, wao wanaangalia namba ya mwisho tu. Ukishapata viza unawarudishia.

Karani_Mstaafu

Binti, barua yako ina adabu, ila haimwambii mtu wa tawini afanye nini. Nimekaa dawati la shughuli za tawi miaka mingi, barua za namna hii zilikuwa zinapita mkononi mwangu kila wiki, kwa hiyo ngoja nieleze inavyokuwa upande wa pili.

Ukiandika tu "barua ya benki", karani anafungua kiolezo kilichomo kwenye mfumo. Kiolezo kifupi kuliko vyote husema: tunathibitisha kwamba fulani ni mteja wetu na akaunti yake inaendeshwa vizuri. Basi. Hakina salio, hakina tarehe ya kufunguliwa akaunti, hakina namba ya pasipoti. Yeye hajakosea, amekupa ulichoomba. Wewe unakuja kugundua siku ya miadi, na kurudi tawini kuomba nyingine ni kuanza upya: ada tena, sahihi tena, na pengine mwenye kusaini yuko likizo.

Kwa hiyo barua yako ndiyo inayoandika barua yao. Taja kitu kimojakimoja unachotaka kionekane: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, namba ya akaunti na aina yake, tarehe ilipofunguliwa, sarafu, salio na salio hilo ni la siku gani. Taja stetimenti za kutoka tarehe gani hadi tarehe gani, si "miezi mitatu" peke yake. Taja barua iandikiwe nani na kwa lugha gani. Na weka sentensi moja ambayo watu wengi huisahau, nitaieleza chini kwa sababu inahitaji nafasi yake.

Kuhusu ndugu yetu Bandikabandua: la mhuri ana ukweli nusu. La kuazima hela, hapana.

Bandikabandua

Mzee mimi nimesafiri, sisimuliwi. Ukurasa bila mhuri ni tatizo.

Karani_Mstaafu

Sibishi kwamba ni vizuri. Ninachokataa ni "wanakunyima hapohapo". Hakuna sheria moja ya dunia nzima. Kuna balozi zinazotaka kila ukurasa, nyingine zinatosheka na wa kwanza na wa mwisho, na nyingine zinapokea stetimenti ya kielektroniki yenye alama ya kuhakiki. Kinachotawala ni orodha ya ubalozi husika. Ila kwa kuwa kugonga mhuri kurasa saba ni kazi ya nusu dakika, aombe kila ukurasa ugongwe, amalize.

Tena asimame pale kaunta aangalie mhuri unapogongwa. Karani mwenye foleni anagonga popote. Nimeona mhuri umekaa juu ya safu ya salio mpaka namba hazisomeki, na ukishaskaniwa ndiyo kabisa. Mhuri ukae pembeni au chini, tarehe yake isomeke, na namba za kurasa zifuatane bila kuruka.

Jambo jingine: usiprinti stetimenti kwenye programu ya simu ukawapelekea wagonge mhuri. Matawi mengi yatakataa, na wana haki. Mhuri unasema "hii imetoka kwetu", sasa karani atajuaje hukuibadilisha nyumbani? Waombe waitoe wao kwenye mfumo.

Mama_Zuhura

Mimi nitasema la jina maana lilinitesa. Akaunti niliifungua kabla sijaolewa, pasipoti nimeitoa baada ya ndoa na ina jina la mume. Benki ikaandika barua kwa jina la kwenye akaunti, kama ilivyo kawaida yao. Kituo cha kupokea maombi wakaniuliza huyu ni nani. Nikatoa cheti cha ndoa nikadhani yamekwisha, wakapokea lakini wakaniandikisha fomu kwamba nimeonywa viambatanisho havilingani.

Viza nilikuja kuipata, ila presha niliyopata hapo katikati siwezi kumtakia mtu. Binti_Safari, linganisha majina kwanza kabla hujapeleka hiyo barua yako.

Binti_Safari

Asante mama. Nimeangalia sasa hivi: pasipoti ina majina matatu, akaunti ina mawili, la katikati halipo. Ni tatizo?

Karani_Mstaafu

Ni dogo, lakini lishughulikie mwanzoni. Una njia mbili. Ya kwanza ni kurekebisha taarifa zako benki, unajaza fomu ya kubadili taarifa za mteja na kuambatanisha kitambulisho, kisha ndipo unaomba barua. Ukifanya hivyo stetimenti nayo itatoka na majina matatu, na hapo hakuna wa kuuliza. Ubaya wake ni kwamba mabadiliko ya jina mara nyingi huidhinishwa makao makuu, yanaweza kuchukua siku kadhaa.

Ya pili ni kuiacha akaunti ilivyo, ila barua itaje: mwenye akaunti hii ndiye mwenye pasipoti namba fulani. Namba ya pasipoti ndiyo inayofunga fundo, kwa sababu majina yanafanana lakini namba hazifanani. Kwa jina la katikati kukosekana hii inatosha. Kwa hali ya Mama Zuhura, ambapo jina la mwisho limebadilika kabisa, ningeshauri ya kwanza bila kusita.

Nyota_ya_Jaha

Msisahau salio la wastani la miezi 6! Mimi nilipoomba Kanada barua ilitakiwa iwe kwenye karatasi yenye nembo ya benki, anwani, simu na barua pepe ya benki, jina langu, madeni yote ninayodaiwa pamoja na mikopo, namba ya kila akaunti, tarehe kila moja ilipofunguliwa, salio la sasa na wastani wa miezi 6. Bila hivyo hawaelewi. Mwambie aombe vyote hivyo.

Karani_Mstaafu

Hiyo orodha naitambua na umeitaja sawasawa, lakini ni ya wale wanaoomba ukaazi wa kudumu kwa njia ya Ekspresi Entri, wanaotakiwa kuonyesha fedha za kuanzia maisha. Huyu anaenda kutembea wiki tatu Shengeni. Ubalozi wake umetaja stetimenti za miezi 3 na uthibitisho wa akaunti. Akijipakia ya Kanada anaweza kujiletea maswali ambayo hakuulizwa.

Na wanafunzi wa Uingereza nao wana yao: fedha lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na siku ya mwisho ya hizo 28 isizidi siku 31 kabla ya tarehe ya kuomba. Mwanafunzi akiomba benki "stetimenti za miezi mitatu" kisha akakaa nazo mwezi na nusu ndipo aombe, hazimsaidii. Kila mlango na ufunguo wake.

Nyota_ya_Jaha

Sawa, lakini kuongeza taarifa kuna ubaya gani? Bora ziwe nyingi kuliko pungufu.

Karani_Mstaafu

Inategemea akaunti yako ikoje. Binti, kuna fedha nyingi iliyoingia karibuni?

Binti_Safari

Ipo. Niliuza gari langu, milioni 9 ikaingia tarehe 31 Mei. Kabla ya hapo salio langu huwa linazunguka kwenye milioni 1 na nusu, mshahara unaingia unatoka. Sasa hivi nina milioni 10 na nusu.

Karani_Mstaafu

Vizuri kwamba umesema, maana hapa ndipo ushauri wa "wanaangalia namba ya mwisho tu" unapowaumiza watu.

Tuchukue stetimenti ya siku 90, kuanzia 12 Machi hadi 9 Juni. Siku 80 za mwanzo salio ni takriban milioni 1.5. Siku 10 za mwisho, kuanzia hiyo 31 Mei, ni milioni 10.5. Mfumo wa benki ukikokotoa wastani kwa salio la kila siku, unajumlisha masalio ya siku zote kisha unagawa kwa siku. Siku 80 mara 1.5 ni 120. Siku 10 mara 10.5 ni 105. Jumla 225, gawa kwa 90, unapata milioni 2.5.

Kwa hiyo ukiomba wastani uandikwe bila kutakiwa, barua yako itasema: salio milioni 10.5, wastani milioni 2.5. Mistari miwili inayofuatana, na msomaji anaona mlima umeota wiki iliyopita. Huna kosa lolote, fedha ni yako halali, lakini umeiacha barua iongee bila maelezo.

Na usidhani kutoandika wastani kunaficha. Stetimenti yenyewe inaonyesha. Afisa wa viza hushuka na safu ya fedha zilizoingia, akiona milioni 9 kwenye akaunti ambayo huingia mshahara tu, anaanza kujiuliza ni za kuazima au la. Dawa yake ni kuambatanisha mkataba wa mauziano ya gari na kutaja muamala huo kwa tarehe na kiasi kwenye barua yako ya maelezo kwa ubalozi. Jina la mnunuzi kwenye mkataba lilingane na jina la aliyeweka fedha kwenye stetimenti. Kama alikuja kuweka taslimu na maelezo ya muamala yanasema "taslimu" tu, tafuta stakabadhi ya kuweka fedha.

Bandikabandua

Sasa mzee ukimuelezea si ndiyo unamuamsha aliyelala? Mimi ningenyamaza. Nimepata viza na nilikuwa na hela ya kuwekewa, hakuna aliyeuliza.

Karani_Mstaafu

Hukuulizwa, nakubali. Wapo pia waliokataliwa kwa kuonekana hawajathibitisha kwamba wana fedha za kujikimu, na salio lilikuwa kubwa tu. Wewe ulikuwa na hela ya watu, huyu ana mkataba wa gari. Kwa nini ajifiche kama mwizi wakati risiti anayo?

Mama_Zuhura

Hapo mimi niko katikati. Kuambatanisha mkataba naunga mkono. Kuandika aya nzima kujieleza, sina hakika, unaweza kuonekana una wasiwasi.

Karani_Mstaafu

Mstari mmoja unatosha mama. Aya nzima hata mimi siitaki.

Kipanga_wa_Pwani

Mzee hujaeleza ile sentensi ambayo watu wanaisahau. Nimekaa hapa nasubiri.

Karani_Mstaafu

Kweli, nilichukuliwa na hesabu.

Ni sentensi ya ridhaa. Benki ina wajibu wa kutunza siri ya mteja. Ubalozi ukipiga simu tawini kuuliza "barua hii ni yenu, na salio hili ni la kweli?", karani aliyefundishwa vizuri atajibu kwamba hawezi kuzungumzia akaunti ya mteja. Yeye anakulinda. Ila mpigaji anaandika kwenye faili lako: benki haikuthibitisha. Wewe huko nyumbani hujui lolote.

Ndiyo maana kwenye barua yako ya maombi uandike kwamba unairuhusu benki kuthibitisha kwa ubalozi uliotajwa ukweli wa barua na stetimenti hizo, na uweke sahihi ileile iliyoko kwenye kumbukumbu zao. Ruhusa iwe na mipaka: ubalozi gani, nyaraka zipi, hadi lini. Na uombe barua yao iwe na simu ya mezani na barua pepe rasmi ya tawi, pamoja na jina na cheo cha aliyesaini. Sahihi ya mkorogo isiyo na jina chini yake haimsaidii anayetaka kuhakiki.

Baada ya hapo bakiza kopi ya barua yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Hiyo ndiyo kumbukumbu yako kwamba ruhusa uliitoa.

Kipanga_wa_Pwani

Hii sikuwahi kuisikia. Lakini benki nyingine zina fomu zao za ridhaa, barua ya mkono hawaitambui.

Karani_Mstaafu

Ni kweli, zipo. Basi ulizia fomu ujaze, na barua uipeleke vilevile.

Binti_Safari

Nimeelewa. Swali la tarehe sasa. Nikiomba leo zitoke mapema nikae nazo si bora zaidi? Nina woga wa kuchelewa.

Karani_Mstaafu

Peleka maombi mapema, lakini tarehe ya kufungia hesabu iwe karibu na miadi. Miadi ni 15 Juni. Kama stetimenti itaishia 20 Mei, hiyo milioni 9 haimo kabisa, na hizo "miezi 3 ya mwisho" si za mwisho tena.

Kuna mtego mwingine hapa, na huu nimeuona mara nyingi kuliko mitego yote. Stetimenti inaprintiwa leo, barua inasubiri saini za maafisa wawili, inatoka baada ya siku tatu. Karani anapoiandaa anachukua salio la siku ile anayoandika. Chukulia stetimenti yako imeishia 9 Juni na milioni 10.5, tarehe 11 ukalipia tiketi milioni 1.1, barua ikaandikwa tarehe 12: salio milioni 9.4. Nyaraka mbili za benki moja, wiki moja, namba mbili. Wewe unajua ni tiketi. Msomaji haoni tiketi, kwa sababu stetimenti imeishia kabla yake.

Na hata usipogusa akaunti, ada ya barua yenyewe hukatwa humohumo kwenye akaunti! Kwa hiyo salio la kabla ya kuomba na la baada ya kuomba haliwezi kulingana mpaka senti. Ndiyo sababu unaandika waziwazi: salio litakalotajwa kwenye barua liwe la mwisho wa siku ya tarehe 9 Juni, na stetimenti iishie tarehe hiyohiyo. Hapo barua isainiwe 10 au 12, namba ya chini ya stetimenti na namba ya kwenye barua zitakuwa pacha.

Nyota_ya_Jaha

Kwani ubalozi unakagua mpaka hapo kweli? Au ni sisi tunajitisha?

Karani_Mstaafu

Wengine hawakagui. Sijui utampata yupi.

Binti_Safari

Nimeiandika upya. Namba zote nimezificha kwa nukta.

*"Meneja wa Tawi,*

*(jina la benki na anwani ya tawi)*

*5 Juni*

*YAH: OMBI LA BARUA YA UTHIBITISHO WA AKAUNTI NA STETIMENTI ZENYE MHURI, AKAUNTI NAMBA ……*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mmiliki wa akaunti ya akiba iliyotajwa hapo juu. Natarajia kuwasilisha maombi ya viza ya matembezi katika Ubalozi wa …… tarehe 15 Juni. Kwa ajili hiyo naomba nyaraka mbili zifuatazo.*

*Kwanza, barua ya uthibitisho kwenye karatasi yenye nembo ya benki, iliyoandikwa kwa Ubalozi wa …… kwa lugha ya Kiingereza, ikitaja majina yangu kamili kama yalivyo kwenye pasipoti namba …… (kopi imeambatanishwa), namba na aina ya akaunti, tarehe ilipofunguliwa, sarafu, na salio la mwisho wa siku ya tarehe 9 Juni. Naomba barua iwe na jina, cheo na sahihi ya afisa mwenye mamlaka, mhuri wa tawi, simu na barua pepe rasmi ya tawi.*

*Pili, stetimenti ya akaunti hiyo kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 9 Juni, ikiwa na mhuri kwenye kila ukurasa, bila kufunika namba.*

*Naomba nakala halisi mbili za kila waraka. Ada zinazohusika zikatwe kwenye akaunti yangu.*

*Naridhia benki kuthibitisha kwa Ubalozi uliotajwa ukweli wa nyaraka hizi mbili pekee, endapo itaulizwa, hadi tarehe 31 Julai.*

*Nitafika kuzichukua mwenyewe tarehe 11 Juni. Napatikana kwa simu namba ……*

*Wako mtiifu,*

*(sahihi na majina kamili)"*

Wakuu mnaionaje?

Bandikabandua

Ndefu hiyo dada. Meneja hana muda.

Mama_Zuhura

Mimi nimeipenda. Meneja hasomi, anaandika "shughulikia" pembeni inaenda kwa karani. Karani ndiye anayehitaji hayo maelezo.

Karani_Mstaafu

Umemaliza. Nina mawili tu. Umefanya vizuri kuanza 1 Machi badala ya 10 Machi, kwa sababu miezi inakuwa kamili na mishahara mitatu yote inaonekana. Ila kwenye majina kamili, kumbuka akaunti yako ina majina mawili. Ongeza nusu sentensi: "ambaye kwenye kumbukumbu za benki nasomeka kama…", vinginevyo karani atakwambia mfumo hauna jina hilo na barua yako itakaa pembeni ikisubiri upigiwe simu.

Na ukifika tarehe 11 usiziweke kwenye bahasha kwanza. Soma palepale kaunta: namba ya pasipoti tarakimu kwa tarakimu, salio la barua na mstari wa mwisho wa stetimenti, tarehe ya kuanzia. Namba ya pasipoti ndiyo inayokosewa sana kwa sababu inapigwa kwa mkono, haitoki kwenye mfumo.

Binti_Safari

Nimeongeza. Nimeipeleka asubuhi hii na kopi yangu imegongwa mhuri wa kupokelewa. Ila wana fomu yao ya ridhaa kama alivyosema Kipanga, nimeijaza pia. Kitu kimoja kimenikwaza: wanasema kiolezo chao huandikwa "kwa yeyote anayehusika", hawaandiki kwa ubalozi kwa jina. Niwabane?

Kipanga_wa_Pwani

Usiwabane, mimi yangu ilikuwa hivyo na ilipita.

Nyota_ya_Jaha

Mimi ningewabana. Barua isiyo na mwandikiwa inaweza kutumika popote, na ubalozi unajua hilo.

Karani_Mstaafu

Rudi kwenye orodha ya ubalozi. Kama imetaja kwamba barua ielekezwe kwao, waonyeshe karatasi hiyo, ni rahisi meneja kukubali akiona maandishi kuliko ukimsimulia. Kama haijataja, omba tu ndani ya barua waongeze "kwa ajili ya maombi ya viza Ubalozi wa fulani". Kiolezo kinabaki chao, na lengo lako limetajwa.

Kijana_wa_Zamu

Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi hela yangu nyingi iko kwenye akaunti ya muda maalumu, inaiva Desemba, na safari ni Septemba. Kwenye akaunti ya kawaida nina kidogo tu. Benki wamesema akaunti ya muda haina stetimenti, wanatoa cheti tu. Nao watakubali cheti?

Bandikabandua

Vunja hiyo, hamishia kwenye akaunti ya kawaida.

Karani_Mstaafu

Usivunje kwanza, utapoteza riba na utatengeneza palepale ule mlima wa siku za mwisho tuliouzungumza juu. Omba barua moja itaje akaunti zote mbili, na kwa hiyo ya muda itaje tarehe ya kuwekwa, tarehe ya kuiva, na kama inaruhusiwa kuvunjwa kabla ya muda. Swali la afisa ni kama fedha hiyo unaweza kuifikia ukiwa safarini. Ikiwa masharti yanaruhusu kuvunja, barua iseme hivyo. Unaenda nchi gani, na orodha yao inasemaje?

Kijana_wa_Zamu

Orodha sijaipakua bado. Ngoja niitafute nirudi.